Hariri, satini na lesi kwenye mashine: mfuko wa wavu una mipaka yake

Blauzi yangu ya kwanza ya hariri niliifua ndani ya mfuko mzuri wa wavu, tena kwa programu ya polepole. Haikuchanika wala haikunaswa popote. Ila ilitoka imefifia na kukakamaa, ule mng'ao wake umekwenda. Kosa lilikuwa sabuni: niliweka ileile ya mashuka.

Hariri ni protini, kama nywele zako. Sabuni nyingi za mashine zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu, maziwa na mayai, ambayo nayo ni protini, na kimeng'enya hakitofautishi doa na uzi. Geuza chupa usome viambato: ukiona proteasi, yaani kimeng'enya hicho cha kula protini, weka kando. Tafuta sabuni ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya hariri na sufu, nawe tumia kidogo. Dawa ya kung'arishia yenye klorini isikaribie kabisa, maana hariri huliwa nayo.

Satini nayo huwachanganya wengi, kwa kuwa ni jina la namna ya kufuma, si la uzi. Nyuzi zake hulala ndefu juu ya kitambaa. Ndizo zinazong'aa, na ndizo zinazonaswa na zipu ya jirani. Kwa hiyo soma lebo ya ndani ujue imefumwa kwa uzi gani. Satini ya poliesta huvumilia mashine bila shida. Ya hariri huhitaji uangalifu niliousema. Ya viskosi au asetati hulegea sana ikilowa, hiyo mimi siipeleki mashineni.

Kwenye lebo hiyohiyo tafuta mchoro wa beseni. Mistari miwili chini yake inaruhusu mashine kwa mwendo mpole kabisa, mkono ndani ya beseni unamaanisha ufue kwa mkono, na beseni lililokatwa kwa alama ya X halitaki maji. Michoro hii husaidia hasa pale maandishi yalipo katika lugha usiyoisoma.

Tuseme una gauni la kulalia la hariri lenye lesi kifuani, na lebo ina beseni, 30 na mistari miwili. Kwanza jaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kibonyeze kwenye pindo la ndani kwa dakika moja. Kikipata rangi, gauni hilo lifuliwe peke yake kwa mkono. Kikibaki cheupe, geuza gauni nje ndani, funga vifungo, ulitie kwenye mfuko wenye matundu madogo. Matundu makubwa hupitisha ncha za lesi, zikanaswa nje. Nguo moja kwa mfuko, tena iwe na nafasi ya kucheza.

Chagua programu ya "Delicates" au "Silk" (mashine za Kijerumani huandika "Feinwäsche"), joto lisizidi 30, na mzunguko wa kukamua uwe 400 hadi 600 kwa dakika. Upole wa programu hii unatokana na maji mengi na ngoma inayozunguka taratibu, ikipumzika kila mara. Ukijaza ngoma, nguo haziwezi kuelea na upole wote unapotea, basi ishia theluthi. Lakini mfuko mmoja peke yake nao ni tatizo, kwani wakati wa kukamua huelemea upande mmoja na mashine huanza kugonga. Ongeza nguo mbili tatu laini zenye rangi inayoendana. Jinzi na taulo zisubiri zamu yao.

Mkono ni salama zaidi pale lesi ni kuukuu au ina shanga zilizogundishwa. Vilevile kama mashine yako inafunguka juu na ina mhimili katikati, kwa sababu mhimili huo husokota mfuko wote. Na mashine za pamoja za jengo? Huwezi kujua aliyetangulia alimimina dawa gani. Hapo mimi hurudi kwenye beseni.

Koroga sabuni kwenye maji ya baridi au ya uvuguvugu kwanza, ndipo utie nguo. Ibonyeze na kuiachia kwa dakika tatu hadi tano bila kufikicha, kisha suuza mpaka maji yawe safi. Hariri iliyolowa hupungua nguvu, kwa hiyo inyanyue kwa mikono miwili kutoka chini, usiivute kwa kanda za mabegani. Usiikamue kwa kuisokota: itandaze juu ya taulo kavu, vingirisha pamoja na ubonyeze. Ianike kivulini, mbali na kipasha joto cha ukutani, na ipige pasi ya moto mdogo upande wa ndani ingali na unyevu kidogo.