Kichwa cha feni hakigeuki: anza na kile kifundo cha juu

Feni inapuliza vizuri ila kichwa kimeganda upande mmoja? Usikimbilie kununua giaboksi. Kifundo kile cha kubonyeza juu ya mota kitakuonyesha tatizo liko wapi.

Weka alama ya kalamu kwenye kifundo, kibonyeze mpaka chini, washa feni spidi ndogo, kisha tazama. Katika feni nyingi za kusimama na za mezani, kifundo kimefungwa kwenye shafti ndogo ya giaboksi, kwa hiyo kikishika kinazunguka polepole.

Kama kinazunguka na kichwa kimetulia, giaboksi ya juu ni nzima. Zima, chomoa waya ukutani, kisha angalia chini ya mota: kuna mkono wa bati unaounganisha giaboksi na shingo ya feni. Mara nyingi skrubu yake imelegea au imedondoka. Usiikaze mpaka mkono ugande, maana lazima ucheze.

Kama unasikia tak tak na kifundo kinarukaruka, klachi inateleza kwa sababu kichwa ni kizito. Huenda feni imegusa ukuta, au shingo imekauka grisi.

Kama kifundo kimesimama kabisa, fungua. Feni ikiwa imechomolewa, toa skrubu ya kifundo na kukivuta, kisha toa kava la nyuma. Usiguse nyaya za kapasita, kwani inaweza kubaki na chaji. Fungua skrubu za kifuniko cha giaboksi, halafu zungusha panga kwa mkono taratibu.

Gia ya plastiki isipozunguka, meno yake yameliwa. Kimojawapo kinachoyala ni mtu kugeuza kichwa kwa nguvu huku kifundo kimebonyezwa. Nenda dukani na gia ya zamani, uhesabu meno na upime tundu la katikati. Kufanana kwa macho hakutoshi. Ukikuta mikunjo ya shafti ya mota inayozungusha gia hiyo nayo imelika, gia mpya haitadumu.

Gia ikizunguka na shafti ya kifundo ikabaki palepale, kosa ni la kinachoziunganisha. Feni nyingine zina gololi mbili na springi ndani ya shafti (fungua juu ya kitambaa, zinaruka), nyingine zina pini inayoingia kwenye mfereji wa gia. Pini iliyokatika hubaki nusu ndani ya tundu. Isukume kwa msumari mwembamba. Kama tundu ni la milimita 2, kipande cha spoki ya baiskeli hufaa. Kikate kilingane na pini ya zamani, kwani kikizidi kitakwaruza nyumba ya gia. Msumari wa kawaida ni laini, utakatika tena.

Paka grisi kiasi cha punje ya harage kwenye meno, si mafuta ya kupikia. Kabla ya kufunga, bonyeza kifundo na uzungushe panga kwa mkono: shafti ifuate. Kivute juu: gia izunguke peke yake.