SOMO: Laini ndefu ya DSL inakatika usiku, soma namba za modemu kabla hujamwita fundi

Habari zenu wakuu. Hili ni kwa wale ambao bado mko kwenye waya wa shaba na mko mbali na kituo cha simu. Nitatumia laini ya mzee mmoja wa Mukono, mchana intaneti yake tulivu kabisa, umeme ukikatika jioni modemu inaanza kuachia laini kila baada ya dakika chache, na kila fundi akija anakuja mchana anakuta kila kitu kiko sawa anaondoka zake.

Hatua ya 1: ingia kwenye modemu uchukue namba. Fungua 192.168.1.1 (au anwani iliyobandikwa chini ya modemu) utafute ukurasa ulioandikwa DSL Status au Statistics. Kama modemu yako ina chipu ya Broadcom na inakubali telnet, andika hivi:

```
adsl info --stats
```

Kwa mzee mchana zilitoka hizi, nimebakiza zile za maana tu:

```
Bearer: 0, Upstream rate = 640 Kbps, Downstream rate = 2400 Kbps
              Down     Up
SNR (dB):     6.4      11.5
Attn(dB):     58.5     34.0
```

Modemu nyingine mpya zinataka `xdslctl` badala ya `adsl`, majibu ni yaleyale.

Hatua ya 2: anza na Attn. Hii ni nguvu ya mawimbi inayopotea njiani, na ndiyo inayokuambia urefu wa waya. Waya wa unene wa nusu milimita unapoteza takriban desibeli 13.8 kila kilomita, kwa hiyo 58.5 gawanya kwa 13.8 unapata kama kilomita 4.2 za waya, sio za barabara, maana waya unazunguka unavyotaka wenyewe. Kama waya wenu ni mwembamba zaidi, basi umbali halisi ni mfupi kuliko hapo. Sasa jamani 58.5 msiichukulie kirahisi, maana yake ni kwamba kati ya nguvu iliyotoka kituoni, inayofika kwako ni chini ya moja ya laki saba! Ndiyo maana kitu kidogo tu ndani ya nyumba kinatosha kuifunika, wakati jirani wa kituo hata hakihisi.

Jambo la kushika hapa: Attn haibadiliki mchana na usiku. Waya haurefuki jioni. Ukiona imepanda ghafla desibeli kadhaa na imebaki huko, hapo kuna kiungo kimeoza au maji yameingia kwenye sanduku la nguzo, na hiyo ni kazi ya kampuni. Ya mzee ilikuwa palepale wakati wote, kwa hiyo waya tukauacha.

Hatua ya 3: SNR ndiyo ya kuikalia macho. Kwenye ukurasa huu SNR ni akiba, yaani desibeli ulizobaki nazo juu ya kile ambacho modemu inahitaji kwa spidi iliyoshika. Kawaida modemu inaposhika laini inajipangia spidi ibaki na akiba kama 6. Baada ya hapo spidi inakaa hivyohivyo, kelele ikiongezeka akiba ndiyo inayoliwa, ikikaribia sifuri modemu inaachia. Kwa hiyo usichukue namba mara moja ukaridhika. Chukua asubuhi, chukua jioni, na chukua dakika ileile tatizo linapotokea. Kwa mzee, umeme ulipokatika ile 6.4 ilishuka mpaka 1.2, halafu laini ikaenda.

Hatua ya 4: angalia makosa yanavyoongezeka. FEC ni makosa yaliyorekebishwa, hayo yasikusumbue sana. CRC ndiyo data iliyoharibika. Jumla tangu modemu iwashwe haisemi kitu, andika CRC ya sasa, subiri dakika 15, andika tena utoe tofauti. Mchana kwa mzee iliongezeka kidogo sana, umeme ukikatika ilipanda kwa maelfu.

Hatua ya 5: tafuta mwenye kelele. Umeme ukikatika nini kinawaka? Inveta! Na modemu yenyewe ilikuwa inakula humohumo, waya bapa wa simu umelala sambamba na waya za inveta ukutani. Tulifanya hivi: inveta tukaizima kabisa, modemu tukailisha moja kwa moja na betri ya volti 12 (soma kwanza adapta yako inatoa volti ngapi na chanya iko wapi, usije ukaichoma). SNR ikarudi 6 na kitu. Tukawasha inveta, ikaanguka. Hapo hakuna ubishi tena. Kama una redio ya AM, iweke karibu na 600 kHz mahali pasipo stesheni utembee nayo, ukikaribia chombo chenye kelele utasikia mngurumo unakua.

Hatua ya 6: rekebisha. Waya bapa tulitoa tukaweka jozi iliyosokotwa, tukaupitisha ukuta mwingine mbali na inveta, modemu ikachomekwa kwenye soketi ya kwanza pale waya unapoingilia nyumba, zile za vyumbani zikakatwa. Sasa umeme ukikatika SNR inashuka mpaka 4.8 na laini inakaa.

MASWALI

nakato_jinja: Asante kaka. Mimi kelele ni ya jirani, siwezi kumzimia vitu vyake. Nifanyeje?

Jibu: Dada, izime na kuiwasha modemu usiku ule kelele ikiwa imepanda. Itajipangia spidi ndogo lakini ikiwa na akiba 6 kwenye hali mbaya, mchana akiba itakuwa kubwa zaidi na haitaachia. Au omba kampuni wapandishe akiba ya laini yako kutoka 6 mpaka 9. Gharama yake ni spidi: kila desibeli 3 ni kama biti moja kwa kila toni, yaani kila kipande kidogo cha masafa kinachobeba data, laini ya mzee inatumia toni kama 120, zinatumwa mara 4000 kwa sekunde, kwa hiyo unatoa kama 480 Kbps. Mimi ningetoa, spidi ndogo inayokaa ni bora.

boda_tech256: SNR yangu iko 8 haicheziki ila CRC inaruka kwa vishindo, hasa kukiwa na radi

Jibu: Hizo ni kelele za mshtuko, zinapita haraka kuliko SNR inavyosomwa. Omba wakuwekee interleaving, inatawanya data ili kosa moja lisiharibu kipande kizima. Ping itapanda kidogo. Na radi ikikaribia chomoa waya wa simu pia, sio umeme peke yake.

mzee_wa_mbale: Simu haina mlio kabisa lakini intaneti ipo, polepole mno. Inawezekanaje?

Jibu: Shikamoo mzee. Hapo uzi mmoja kati ya ile miwili umekatika. Simu inahitaji yote miwili, lakini mawimbi ya DSL yanaweza kuruka pale palipokatika, yakafika dhaifu. Angalia Attn, itakuwa imepanda sana kuliko zamani. Usihangaike na modemu, ripoti kwamba simu haina mlio, usiseme intaneti iko slo, maana wakisikia simu imekufa wanapima waya.

nakato_jinja: Na simu ikiita laini inakatika, ni kelele pia?

Jibu: Anza na filta, kile kidude kinachotenganisha sauti ya simu na mawimbi ya DSL, kila simu iwe na yake. Kama zipo zote, chomoa simu zote ubakize modemu tu halafu ujipigie. Ikikatika bado, ni kiungo chenye kutu huko nje, mwambie fundi hivyohivyo na umwonyeshe namba ulizoandika kabla na baada ya kupigiwa.