Kupiga 112 Uhispania ukiwa umeshuhudia ajali barabarani

Naendesha gari la mboga kati ya El Ejido na Almería, kusini mwa Uhispania. Nimeshapiga 112 zaidi ya mara moja, na ya kwanza niliiharibu, kwa hiyo naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaofika huku kufanya kazi kwenye mashamba ya plastiki. Namba ya dharura ni 112, ni bure, na huhitaji salio.

Hatua ya 1: Jikinge kwanza. Simamisha gari pembeni, vaa kizibao kinachong'aa kabla ya kushuka, weka taa ya kuonya ya V-16 juu ya gari, kisha simama nyuma ya vyuma vya kando ya barabara. Taa hiyo imechukua nafasi ya pembetatu za kuonya tangu tarehe 1 Januari 2026. Wengine hudhani inawaita waokoaji. Haiwaiti, simu lazima upige wewe.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ulipo kabla ya kubonyeza namba. Unahitaji vitu vitatu: jina la barabara, kilomita, na upande unaoelekea. Kilomita iko kwenye kibao kidogo kando ya barabara. Ukikikosa, taja namba ya njia ya kutokea uliyoipita (*salida*), maana kwenye A-7, barabara yetu hii, namba hizo hufuata kilomita.

Upande ndio watu husahau. A-7 imegawanywa katikati. Gari la wagonjwa likija upande usio wako, litakuona ng'ambo na lisiweze kukufikia mpaka liende kugeuza mbele. Kwa hiyo useme *sentido Almería*, yaani magari yanaelekea Almería.

Hatua ya 3: Sema mahali kwanza. Simu ikikatika, angalau wanajua pa kuja.

*Accidente de tráfico. Autovía A-7, kilómetro cuatro, dos, cero, sentido Almería.*

Kilomita 420 nimeitaja tarakimu moja moja kwa makusudi. Siku ile ya kwanza nilitaka kusema sabini, *setenta*, nikatamka *sesenta*, sitini. Mpokeaji akaniuliza mara tatu huku mtu analia pembeni yangu. Tangu hapo sisemi namba nzima.

Matamshi yasikutishe. Irabu zao tano ni kama zetu. Herufi h haitamkwi: *heridos* ni "eridos", *hay* ni "ai". Herufi j ni kama kh ya Kiarabu: *mujer* ni "mukher". Angalia tu *kilómetro*: mkazo uko kwenye "lo", si pale tulipozoea sisi.

Hatua ya 4: Hesabu watu, kisha majeruhi. Tazama ndani ya kila gari, na viti vya nyuma pia, maana mtoto huweza kuwa amelala chini ya kiti. Tuseme umekuta magari mawili na watu watano:

*Dos coches. Cinco personas. Tres heridos.* (Magari mawili. Watu watano. Majeruhi watatu.)

*Un hombre no responde, pero respira.* (Mwanamume haitikii, ila anapumua.)

*Una mujer está atrapada.* (Mwanamke amenasa.)

*Un niño sangra por la cabeza.* (Mtoto wa kiume anatoka damu kichwani.)

Nimeepuka neno *inconsciente*. Maana yake ni aliyepoteza fahamu, lakini kwenye kelele za malori "in" humezwa, na mpokeaji akasikia *consciente*, mwenye fahamu. *No responde* haikosewi. Vilevile usiseme mtu amekufa hata ukidhani hivyo. Sema *no respira*, hapumui, na huenda wakakuelekeza namna ya kumkandamiza kifua.

Neno la kunasa ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu linawaita zima moto wenye vifaa vya kukatia chuma. Ukilisahau, gari la wagonjwa hufika na kusubiri wenzao.

Hatua ya 5: Jibu wanachouliza. *¿Dónde?* ni wapi. *¿Cuántos?* ni wangapi. *¿Respira?* anapumua? Ukipotea, sema *más despacio, por favor*, polepole tafadhali. Unaweza pia kuuliza *¿habla inglés?* au *¿habla francés?*, hapa Andalusia wana wapokeaji wa lugha hizo, na ndugu kutoka Kongo au Burundi hupona kwa Kifaransa. Hata hivyo toa mahali kwa Kihispania kabla ya kuomba, kwa sababu kuhamishiwa mtu mwingine huchukua muda.

Ukisikia *no cuelgue* ("no kwelge"), wanakuambia usikate simu. Wao ndio wa kuimaliza. Baada ya hapo usiitumie kuwapigia nyumbani. Gari la wagonjwa likishindwa kukuona, namba watakayopiga ni hiyo hiyo.