Somo: Kupiga picha mlango wa nakshi kwa kusogeza kihisi cha kamera

Nilirudi Mikindani mara tatu kwa ajili ya mlango mmoja. Miimo yake imechongwa minyororo myembamba, sehemu moja imeoza, na mwenye nyumba alitaka picha ambayo seremala ataitazama achonge kipande kipya. Picha ya kawaida ya Lumix G9 yangu haikutosha. Fremu ilibeba urefu wa mita 3, na upande mrefu wa picha una pikseli 5184, kwa hiyo kila pikseli ilibeba karibu milimita 0.6 za mbao. Mkato wa patasi wa nusu milimita unapotelea humo.

Kihisi ni kile kibamba kinachopokea mwanga. Kila pikseli yake imefunikwa chujio la rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu, na rangi mbili zilizobaki kamera huzikisia kwa kuchungulia majirani. Ukiwasha `High Resolution Mode`, mitambo ileile inayotuliza mtikisiko wa mkono hukisogeza kihisi pikseli nzima nzima hadi kila mahali papigwe kwa rangi zote. Kisha hukisogeza nusu pikseli na kurudia. Picha 8 huunganishwa humohumo ndani ya kamera kuwa moja ya 10368 kwa 7776. Mlango wangu ukapata pikseli moja kwa kila milimita 0.3.

Hatua ya kwanza ni miguu ya tripodi, na hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Nusu pikseli ya kihisi ni chini ya milimita 0.002. Nilisimama mita 4.3 kutoka mlangoni na lenzi ya milimita 25. Ncha ya lenzi ikishuka milimita 0.01 tu, picha mlangoni inahama karibu milimita 0.4, zaidi ya hatua nzima ya nusu pikseli. Siku ya kwanza nilisimika tripodi kwenye mchanga, ikawa inazama polepole. Siku ya pili nilipata sakafu ngumu, lakini ilikuwa saa kumi jioni, upepo wa bahari umeshaanza, na mkanda wa kamera ulikuwa unapunga kama bendera. Vua mkanda. Usiinue nguzo ya katikati. Nenda saa moja asubuhi, kabla ya upepo.

Hatua ya pili, tundu la lenzi. Kwa mlango uliobapa nilitumia f/5. Ukibana hadi f/8 kwenye kihisi kidogo kama hiki, mwanga unatawanyika ukipita tunduni, na ule undani uliohangaikia unafutika kabla haujafika. Fokasi weka kwa mkono, ukiwa umekuza picha kwenye kioo hadi uone nyuzi za mbao.

Hatua ya tatu, taima. Weka sekunde chache kati ya kidole chako na picha ya kwanza, kisha usitembee karibu. Washa pia `Simul Record Normal Shot`, upate picha ya kawaida ya kulinganisha.

Ukifika nyumbani, kuza picha hadi asilimia 100 na uangalie kingo. Ukiona vimiraba kama vya mkeka kando ya mistari, kamera ilitikisika. Vikitapakaa hata pasipo na mistari, huenda mwanga ulibadilika katikati, mfano wingu lilipita. Kwa vyovyote, rudia. Hakuna programu itakayokuokoa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Masasi: Shikamoo mwalimu. Si ningeikuza tu picha ya kawaida kwenye kompyuta?*

Marahaba. Ikuze mara mbili kila upande, uiweke kando ya ile nyingine. Yangu iliyokuzwa ilionyesha mnyororo kama utepe uliofifia. Ya kusogeza kihisi ilionyesha mahali patasi ilipoingia na kutoka. Kompyuta inaongeza pikseli, haijui seremala alikata wapi.

*Kutoka Kilwa Masoko: Kaka, yangu inapiga picha 4 na ukubwa hauongezeki. Mbovu?*

Nzima kabisa, ndugu yangu. Hiyo inasogea pikseli nzima tu, haina ile nusu. Unapata rangi halisi kila mahali, na kitambaa chenye mistari ya karibukaribu hakikupi rangi za ajabu. Cheki pia maelezo yake: baadhi ya kamera hazijiunganishii, unahitaji programu ya kampuni kwenye kompyuta.

*Kutoka Lindi mjini: Naweza kupiga ufukwe, na minazi na ngalawa?*

Mawe na kuta zitakubali. Makuti yakicheza utapata kingo zilizorudiwa, na ngalawa iliyo majini haitulii hata ukidhani imetulia. Mimi hapo ningepiga kawaida.

*Kutoka Mtwara: Nilipiga kinyago ndani chini ya taa za tyubu, kikatoka na mistari ya kulala.*

Namna hii hutumia shata ya kielektroniki, inayosoma kihisi mstari kwa mstari, na tyubu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Zima tyubu, usogeze kinyago dirishani. Mpingo ni mweusi mno, hivyo ongeza muda wa shata, usipandishe ISO. Kinyago hakiendi popote.