Kupiga picha ya chupa ya mafuta ya nazi kwa simu: pigo moja, matangazo matatu

Huku Tanga wauzaji wengi wa mafuta ya nazi wanatangaza kwa picha iliyopigwa juani, chupa ikiwa juu ya ukuta au boneti ya gari. Juzi nilikuwa Ngamiani namsaidia dada mmoja anayejaza mafuta yake kwenye chupa za kioo, tukapiga upya picha zake zote. Naandika tulivyofanya, kwa sababu kioo kina mambo yake ambayo sabuni au kanga havina. Ukiweza kupiga chupa, vingine vitakuwa rahisi.

1. Andaa chupa

Futa alama za vidole kwa kitambaa kikavu, kisha shika chupa kwa kifuniko tu. Hakikisha lebo imekaa wima. Asubuhi za Juni na Julai angalia pia mafuta yenyewe: ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, na kwenye picha ukungu ule mweupe unaonekana kama mafuta machafu. Tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mafuta yawe angavu, uikaushe vizuri. Kama lebo ni ya karatasi, maji yasiifikie.

2. Tandika mandharinyuma

Manila nyeupe, ile ya shuleni. Ibandike ukutani kwa selotepu, iache iteremke mpaka mezani kwa mviringo bila kukunjwa kona. Chupa ikae mbali kidogo na mkunjo. Sishauri vitambaa vyenye maua, wala majani ya mnazi na vifuu pembeni. Picha ya tangazo inatazamwa ikiwa ndogo kuliko kiganja, na kila ulichoongeza kinashindana na lebo.

3. Mwanga (hapa ndipo muda wetu wote ulipoishia)

Sogeza meza iwe ubavuni mwa dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Kwa Tanga, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo zuri. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Zima taa ya ndani hata kama unaona inasaidia: mwanga wa balbu na wa dirisha una rangi tofauti, na upande mmoja wa manila utatoka wa njano ambao hautaondoka vizuri baadaye. Flashi usiiguse kabisa.

Kwa bidhaa isiyong'aa, hapo umemaliza. Kwa kioo bado hujamaliza, kwa sababu kinaonyesha kila kilicho mbele yake. Tulipokuza picha ya kwanza tukaona juu ya bega la chupa dirisha zima limechorwa: nondo tano, wavu wa mbu, na mtu aliyevaa fulana nyekundu akiwa ameshika simu. Kuhamisha chupa hakusaidii, picha ya dirisha inaifuata tu. Dawa ni kubadilisha kile ambacho chupa inakiona. Tundika shuka jeupe lisilo na maua lifunike dirisha lote, nondo na wavu vikiwa nyuma yake. Sasa chupa itaonyesha mstari mmoja mweupe, laini, unaoteremka ubavuni, na mstari huo unapendeza kwa sababu ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hiki ni kioo. Mpiga picha avae nguo nyeusi, asimame gizani kadiri inavyowezekana.

Shuka likiwa jembamba sana, nondo zitaendelea kuonekana kama vivuli. Likunje mara mbili, au lisogeze mbele ya dirisha kwa hatua moja. Likiwa la rangi, hata krimu, manila itabadilika rangi pamoja na mafuta.

Upande wa pili wa chupa utakuwa na giza. Simamisha hapo kipande cha manila nyeupe, nje kidogo ya picha, kirudishe mwanga kwenye lebo. Lakini tazama ukingo wa chupa: kioo cheupe mbele ya karatasi nyeupe kinapotea, na mteja haoni chupa inaishia wapi. Hapo chukua vipande viwili vyembamba vya manila nyeusi, visimamishe kushoto na kulia karibu na chupa bila kuingia kwenye picha. Visogeze polepole huku ukitazama skrini, mpaka ukingo upate mstari mwembamba mweusi. Cha upande wa dirisha kiwe chembamba zaidi, kisizibe mwanga.

La mwisho kwenye mwanga ni mafuta yenyewe, ambayo mara nyingi yanatoka yamefifia. Kata karatasi nyeupe ndogo kuliko chupa, iegemeze nyuma yake ikiwa imeelekezwa dirishani, ijifiche kabisa nyuma ya chupa. Mafuta yatawaka kwa ndani. Karatasi ikichungulia pembeni, ikate tena.

4. Piga

Futa lenzi. Tumia 2x, urudi nyuma kama nusu mita. Ukipiga kwa 1x ukiwa karibu, tumbo la chupa linavimba na kitako kinakuwa kidogo. Simu iwe usawa wa lebo, ikiwa wima kabisa. Iegemeze kwenye rundo la vitabu. Bonyeza lebo kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu pandisha mwanga kidogo, kwani simu huigeuza manila nyeupe kuwa ya kijivu. Acha kupandisha pale herufi nyembamba za lebo zinapoanza kufifia. Usitumie Portrait: inakosea ukingo wa kioo na kuulainisha pamoja na mandharinyuma.

5. Nafasi ya kukata

Wengi wanaijaza picha kwa chupa, kisha tangazo la wima linakata kifuniko. Piga ukijua utakata wapi.

Chukua picha ya kawaida ya simu, 3:4 wima, yenye pikseli 3000 kwa 4000. Panga chupa ichukue nusu ya urefu, pikseli 2000 hivi, ikiwa katikati kwa upana. Juu yake acha 600, chini yake 1400. Kwenye skrini itaonekana iko juu mno, lakini iache hapo hapo.

Sasa kata nakala tatu. Mraba wa 1:1, kwa katalogi ya WhatsApp, ukate kuanzia pikseli 500 juu ya kifuniko: unapata 3000 kwa 3000, chupa ikiwa katikati, theluthi mbili za urefu. Ya 4:5 kwa ukurasa wa Instagram na Facebook ni 3000 kwa 3750. Punguza chini tu, na pale chini panabaki nafasi ya bei. Ya 9:16 kwa Stories na Reels ni 2250 kwa 4000, yaani unapunguza pembeni tu. Hii ya mwisho ndiyo iliyotufanya tupandishe chupa. Kwenye Reels takriban asilimia 14 ya juu na 35 ya chini hufunikwa na jina la akaunti, maelezo na kitufe. Chupa yetu inaanzia asilimia 15 na kuishia 65, kwa hiyo haiguswi. Bei usiiandike chini kwenye nakala hii, itafunikwa. Iweke kando ya chupa, usiisogeze hadi ukingoni.

Mimi nakata kwa Snapseed, kwenye Crop, na siongezi rangi. Mafuta yakiwa ya njano kuliko yaliyo dukani, mteja atalalamika akipokea chupa. Ukimtumia picha mtu wa kukuwekea tangazo kwa WhatsApp, itume kama Document, si kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na herufi za lebo zinakuwa na ukungu. Kabla ya kulipia, fungua onyesho la awali la tangazo kwa kila sehemu litakapotokea, na usome lebo bila kukuza. Kama jina la mafuta halisomeki kwenye mraba, kata upya kwa kubana zaidi, ukiacha kifuniko na kitako vyote viwili ndani.