Manyoya ya mbega kwenye Blender: nywele elekezi, vishungi, na kwa nini mkasi huja mwisho

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alinipigia saa nne usiku. "Kaka, mbega wangu anaonekana kama amevaa taulo." Alikuwa ameweka `Random Offset`, ile inayotofautisha urefu wa nywele, ya kutosha kabisa, lakini joho jeupe la mabegani lilikuwa limenyooka ncha kwa ncha kama pindo la pazia. Nilicheka, maana kosa hilo liliwahi kunila usiku mzima. Niliyomweleza ndiyo haya. Natumia Blender 4.2, na mfumo wa nywele ulioanza kupata modifaya zake katika toleo la 3.5, mwaka 2023. Ule mfumo wa zamani wa chembe bado upo, ila mimi niliuacha na sitaurudia.

Hatua ya 1: Picha za kutazamia

Usichanganye mbega wawili. Mbega wa Diani ana nywele ndefu nyeupe mabegani na mashavuni, lakini mgongo wake ni mweusi mtupu. Mbega wa milimani, yule wa Mlima Kenya na Hifadhi ya Arusha, ndiye mwenye joho: nywele nyeupe zinatoka mabegani, zinashuka ubavuni na kukutana juu kidogo ya mkia, halafu mkia wenyewe una kishada cheupe. Kijana alikuwa na picha za wote wawili kwenye folda moja, na modeli yake ikatoka na mabega ya pwani na mkia wa mlimani. Tulianza kwa kufuta nusu ya picha.

Hatua ya 2: Ngozi

Modeli iwe na ukubwa wa kweli. Mwili bila mkia ni kama sentimita 60. Bonyeza Ctrl+A kisha `Scale`, kwa sababu vipimo vyote vya modifaya za nywele viko katika mita, na modeli ambayo ukubwa wake haujathibitishwa itakudanganya kila namba.

Kisha ramani ya UV. Nywele hizi hukumbuka mahali zilipoota kwa kutumia UV, si kwa kutumia nafasi yake hewani. Ukiwa umechonga nusu ya mnyama na kuizidisha kwa `Mirror`, upande wa kushoto na wa kulia mara nyingi hulaliana kwenye ramani. Hapo Blender haijui unywele ni wa ubavu upi, na itakuonya kwamba UV hazifai, au nywele zitarukia upande usio wake. Ithibitishe `Mirror`, fungua kihariri cha UV, chagua kila kitu, kisha `Select` > `Select Overlap`. Kinachobaki kimechaguliwa ndicho kinacholaliana. Kisogeze pembeni.

Hatua ya 3: Nywele elekezi

Chagua mwili, kisha `Add` > `Curve` > `Empty Hair`. Fanya hivyo mara tatu: mwili mweusi, joho, na kishada cha mkia, kila kimoja kikiwa kitu kinachojitegemea.

Wengi huweka mnyama mzima kwenye kitu kimoja, nami nilifanya hivyo zamani. Shida inajitokeza mpakani. Nywele zitakazojazwa baadaye huchukua urefu na mwelekeo wa nywele elekezi zilizo jirani. Pale ambapo elekezi ya sentimita 3 inapakana na ya sentimita 20, katikati huzaliwa nywele za sentimita 10 ambazo mbega hana, na rangi nayo inaanza kukutaka ujanja. Ukizitenganisha, mpaka unabaki mkali kama wa mnyama mwenyewe, na kila kitu kinapata rangi yake moja.

Ingia `Sculpt Mode`. Kwa brashi ya `Add` panda elekezi chache. Mwilini nilitosheka na 150 hivi, kila ubavu wa joho 40, mkiani 30. Ukipanda elfu moja utazichana wiki nzima na bado zitapishana. Weka pointi 8 kwa kila unywele wa mwilini, lakini za joho zipe 14, kwa sababu zinaning'inia na kupinda, na unywele mrefu wenye pointi chache unavunjika kama kijiti.

Urefu unaofuata sehemu za mwili unaumaliza hapa, kwa brashi ya `Grow / Shrink`: usoni milimita chache, mgongoni sentimita 3 hadi 5, joho lianze fupi begani na lirefuke kadiri linavyoshuka ubavuni. Kuchana tumia `Comb` kwa nguvu ndogo, mipigo mingi. Mpigo mmoja wa nguvu unazilaza nywele hadi ndani ya ngozi. Kama una kalamu ya kuchorea, itumie. Kipanya kinafaa, ila mkono utakuuma.

Hatua ya 4: Kujaza

Ongeza modifaya ya `Interpolate Hair Curves`. Hakikisha imeonyeshwa ngozi na jina la ramani ya UV. `Density` ni idadi ya nywele kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo namba huwa kubwa: kwa 150000, mwili wenye ngozi ya mita za mraba 0.4 utaota nywele 60000. Shusha `Viewport Amount` hadi 0.1 ili kompyuta ipumue. `Distance to Guides` ndiyo inayozuia joho lisienee hadi tumboni. Ipunguze hadi nywele zibaki karibu na elekezi zake.

Hatua ya 5: Vishungi na mkasi

Hapa ndipo taulo linapotengenezwa.

Manyoya halisi hayasimami unywele mmoja mmoja. Hushikana kwa mafuta na unyevu, yakafanya vishungi vyenye ncha. `Clump Hair Curves` inafanya kazi hiyo kwa kuteua baadhi ya nywele kuwa nguzo, kisha inavuta nywele za jirani ziifuate nguzo yake. Kitu cha kuelewa ni namna inavyovuta. Nusu ya unywele inavutwa kwenye nusu ya nguzo, na ncha ya unywele inavutwa kwenye ncha ya nguzo. Haijali unywele ulikuwa mfupi kiasi gani. Mfupi unanyooshwa hadi ufike kwenye ncha ya nguzo.

Sasa fikiria umekata urefu kwanza kwa `Trim Hair Curves`, ukaweka `Random Offset` nzuri, nywele zikatofautiana. Halafu ukaweka vishungi chini yake. Vishungi vimezinyoosha zote tena. Ulichokata kimerudishwa, na ncha zote za kishungi zimekutana mahali pamoja kama brashi ya rangi mpya kutoka dukani. Unaongeza `Random Offset`, hakuna kinachobadilika. Unaongeza tena. Mimi nilibadilisha `Seed` mara kumi na kitu, nikaanzisha Blender upya, nikailaumu kadi ya michoro, hadi alfajiri nilipoanza kuzima modifaya moja moja kwa ile ikoni ya skrini. Nilipozima vishungi, urefu tofauti ukatokea. Ulikuwepo muda wote.

Kwa hiyo mpangilio, kutoka juu kwenda chini, ni huu:

```
Surface Deform
Interpolate Hair Curves
Clump Hair Curves      (vikubwa)
Clump Hair Curves      (vidogo)
Hair Curves Noise
Trim Hair Curves
Set Hair Curve Profile
```

Mkasi ukija baada ya vishungi, unywele unakatwa ukiwa tayari umelala kwenye kishungi chake. Ncha zinaishia mahali tofauti kando ya kishungi, na kishungi kinachongoka chenyewe. Ila ndani ya `Trim Hair Curves` angalia `Scale Uniform`. Iondolee alama. Ikiwa na alama, haikati. Inausinyaza unywele mzima kuelekea mzizini, ncha inaachia kishungi, nawe unapata fujo ya aina nyingine. Kwa joho niliweka `Random Offset` ya 0.04, kwa mwili 0.01. Ukizidisha mwilini, mnyama anaonekana mgonjwa wa ukurutu.

Mtu atakuambia uweke mkasi juu na uwashe `Preserve Length` kwenye vishungi. Urefu utabaki, ni kweli. Lakini unywele mfupi unabeba umbo lote la kishungi likiwa limebanwa, na nywele fupi zinachungulia nje ya kishungi badala ya kulala ndani yake. Kwa mbwa mwenye nywele za kusimama huenda nikalikubali hilo. Kwa joho linaloning'inia, hapana.

Sasa vishungi vyenyewe. Weka viwili, vikubwa kwanza: `Guide Distance` 0.02 kwa joho, kisha vidogo 0.006. Kwenye vyote viwili ondoa alama ya `Existing Guide Map`. Ukiiacha, modifaya inachukua ramani ya nguzo iliyoachwa na modifaya ya juu yake, yaani nywele zinakusanyika kwenye zile elekezi chache ulizopanda kwa mkono, na ubavu mzima unakuwa na vishungi 40 vinene kama misokoto. Dalili ni hiyo: unabadilisha `Guide Distance` na idadi ya vishungi haibadiliki.

`Factor` ya joho iwe 0.7 kwa vikubwa na 0.5 kwa vidogo, mwilini 0.3 inatosha, maana mgongo wa mbega ni laini na mweusi, vishungi vikali hapo vinamfanya aonekane amenyeshewa. `Shape` inaamua kishungi kianze kushikana wapi. 0.5 ni mvutano unaokua sawasawa kutoka mzizini hadi nchani. Nilipandisha hadi 0.65 ili mizizi ibaki imejaa na ngozi isionekane katikati ya vishungi. Ukiona michirizi ya ngozi, usikimbilie kuongeza `Density`. Pandisha `Shape` kwanza. `Tip Spread` ya 0.002 inazuia ncha zisigandane kabisa.

Kila kitu kati ya vile vitatu kipe `Seed` yake. `Hair Curves Noise` iwe kidogo tu, kiasi cha kuvunja unyofu.

Hatua ya 6: Unene na rangi

`Set Hair Curve Profile`, `Radius` 0.0001. Ni nene kuliko unywele wa kweli, lakini tuna nywele chache kuliko mnyama wa kweli, hivyo unene unafidia. Tumia `Principled Hair BSDF`, kwa njia ya `Melanin`: mwili 0.97, joho na mkia 0.02.

Kwenye Cycles joho likitoka la kijivu, usiguse rangi. Mwanga hupenya nywele nyeupe nyingi kabla ya kutoka, na Cycles imekata safari yake njiani. Fungua `Light Paths`, pandisha `Total` na `Transmission` kutoka 12 hadi 32. Picha itachukua muda zaidi. Ya kijana ilitoka saa saba na nusu usiku, na ujumbe wake ulikuwa na swali moja tu: "Kaka, na mtoto wake je?" Nilimjibu aziweke nywele zote nyeupe, kwa sababu mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, nikazima simu.