Kabla ya kuandaa zoezi la bored na boring

Mwanafunzi anayeandika I am boring akitaka kusema ameboeka hajafanya uzembe. Kiswahili chake ndicho kilichomfikisha hapo. Amezoea kwamba ninasoma ni I am reading, basi ninashangaa kwake inakuwa I am surprising. Anayetunga zoezi la wanaoanza Kiingereza aanze na kosa hili, kwa sababu sentensi nyingi za mazoezi haya huliacha lilivyo, au hulificha.

Dawa yake imo katika Kiswahili chenyewe. Safari inachosha, msafiri amechoka: the journey is tiring, the traveller is tired. Kinachosababisha hali huchukua -ing, anayepatwa nayo huchukua -ed. Hata maneno ya mitaani yanasaidia, kwani kipindi kinaboa, nasi tumeboeka. Weka jozi mbili tatu za namna hii juu ya karatasi, kabla ya swali la kwanza. Ila usiwafundishe kwamba kila -sha ni -ing. Interesting ni -a kuvutia na interested ni aliyevutiwa, na hapo hamna -sha yoyote. Wape swali moja la kujiuliza kila mara: nani anasababisha, nani anahisi?

Kisha chagua vitenzi. Sita vinatosha kwa karatasi moja: bore, tire, surprise, interest, frighten na confuse. Kagua kwamba kila kimoja kina maumbo yote mawili yanayotumika kama vivumishi. Scared huenda na scary, stressed huenda na stressful, impressed huenda na impressive. Ukimpa mwanafunzi scare na kumwambia achague kati ya -ing na -ed, atafuata kanuni uliyomfundisha na kuandika a scaring film, ambayo si kawaida kusemwa, na kosa litakuwa la karatasi. Worry nayo ni bora isubiri, maana y hugeuka i katika worried lakini hubaki katika worrying, na hilo ni somo la tahajia linalojitegemea.

Sasa sentensi zenyewe, na hapa ndipo karatasi nyingi huharibika. Chukua hii: My brother is ___, na chaguo ni bored au boring. Mwongozo wa majibu unasema bored. Lakini boring nayo ni sahihi kabisa; maana yake ni kwamba kaka anawachosha wengine. Mwanafunzi aliyeiandika hana kosa, na ukimwekea alama ya kukosa unamvuruga palepale alipoanza kuelewa. Ongeza sababu: My brother is ___ because he has nothing to do. Sasa kaka ndiye anayehisi, na jibu ni moja tu. Ukitaka boring, geuza sababu: My brother is ___ because he tells the same story every day. Ziweke zote mbili kwenye karatasi moja, mbalimbali kidogo. Mtu ni yuleyule, jibu limebadilika, na mwanafunzi analazimika kusoma sentensi hadi mwisho.

Jozi hiyo huzuia pia njia ya mkato inayoenea upesi darasani: mtu ni -ed, kitu ni -ing. Karatasi yenye watu wote upande wa -ed humpa mwanafunzi anayeifuata njia hiyo alama zote ilhali hajaelewa lolote. Katika sentensi kumi, nne ziwe za mtu anayehisi, tatu za kitu kinachosababisha, na tatu za mtu anayesababisha. Hizo tatu za mwisho ndizo kipimo chako. Anayepata saba na kukosa hizo tatu, hasa akiandika bored katika The speaker was so ___ that many people fell asleep, anafuata njia ya mkato. Mrudishe kwenye swali la nani anasababisha. Anayekosa zile nne za mwanzo kwa kuandika -ing ana tatizo la ninashangaa, naye anahitaji msaada mwingine: mwonyeshe kwamba very inaweza kutangulia boring, lakini haiwezi kutangulia reading ya I am reading, maana boring ni kivumishi na reading hapo ni kitenzi.

Mwisho, tazama neno linalofuata nafasi iliyoachwa wazi. I am ___ in music inajijibu yenyewe, kwa kuwa in huambatana na interested. Mwanafunzi aliyekariri interested in hatasoma zaidi ya hapo. Vivyo hivyo tired of na bored with. Vihusishi hivi vifundishe kwenye karatasi nyingine. Katika hii, kata sentensi kabla ya kihusishi au ibadilishe, kisha mpe mwalimu mwenzako aijaze bila mwongozo wa majibu. Popote atakapoandika majibu mawili, sentensi hiyo bado haijawa tayari kuchapwa.